Flashi moja, mifumo minne: kuandaa Ventoy ya kwenda nayo shule isiyo na intaneti

Fundi anayetoka Kigoma mjini kwenda kupiga windo kwenye shule za mwambao wa Uvinza, tuseme Buhingu au Kalya, akifika huko ndiyo amefika. Akigundua faili la Windows limeharibika, hapati mtandao wa kupakulia GB 6 nyingine. Akigundua kompyuta moja ni ya biti 32 na yeye amebeba mfumo wa biti 64 peke yake, kompyuta hiyo itabaki imefunikwa kitambaa mpaka safari nyingine. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu kuandaa flashi moja yenye mifumo kadhaa kwa kutumia Ventoy, na kuihakiki ukiwa bado Mwanga au Ujiji, penye umeme na bando.

Mfano nitakaoufuata ni wa shule yenye kompyuta za aina tatu. Kuna HP za mezani za zamani zinazowaka kwa mtindo wa BIOS, laptopu za Dell za karibuni zenye UEFI, yaani mtindo mpya wa kuwaka uliochukua nafasi ya BIOS, na Secure Boot, kinga inayokataa kuwasha programu isiyoitambua, na kompyuta moja au mbili kongwe za biti 32 zenye RAM ya GB 1 au 2. Mchanganyiko huu utaukuta mahali pengi panapopokea kompyuta za msaada.

Ventoy inafanya nini

Programu kama Rufus huchukua faili moja la ISO na kulimwaga kwenye flashi nzima. Ukitaka mfumo mwingine, unafuta wa kwanza. Ventoy, iliyotoka mwaka 2020 na ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi, inakwenda njia nyingine. Inaigawa flashi sehemu mbili. Sehemu kubwa ya mbele inaitwa Ventoy, imefomatiwa kwa exFAT, na ndiyo unayoiona ukichomeka flashi. Sehemu ndogo ya MB 32, iitwayo VTOYEFI, inakaa mwisho kabisa wa flashi na kubeba programu ya kuwashia. Wewe unanakili mafaili ya ISO kwenye sehemu kubwa kama unavyonakili nyimbo. Kompyuta ikiwaka kupitia flashi, Ventoy inatafuta ISO zote zilizomo na kukuorodheshea kwenye menyu.

exFAT ina faida moja kubwa hapa. Flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4, na ISO ya Windows inazidi hapo. Kwenye exFAT kizuizi hicho hakipo.

Kumbuka pia kwamba VTOYEFI iko mwishoni. Jambo hilo ndilo linalotupeleka kwenye hatua ambayo wengi huiruka.

Kwanza ijaribu flashi yenyewe

Flashi feki zipo nyingi sokoni. Juu imeandikwa 64GB, ukiichomeka kompyuta nayo inasoma 64GB, lakini ndani kumbukumbu ya kweli ni GB 8 au pungufu. Inapokea kila unachonakili bila kulalamika, halafu data inayozidi ukubwa wa kweli inapotea au inaandikwa juu ya data ya mwanzo. Kwa Ventoy madhara huja mapema zaidi, kwa sababu VTOYEFI inawekwa mwisho wa flashi, mahali ambapo kwa flashi feki hapapo. Unaweza kuona usakinishaji unagoma, au unakubali kisha kompyuta za UEFI haziioni kabisa.

Chukua flashi ya GB 32. Windows itakuonyesha kama GB 29 na kitu, na hilo si wizi, ni tofauti ya namna ya kuhesabu: watengenezaji wanahesabu GB moja kuwa baiti bilioni 1, Windows inagawa kwa 1,024 mara tatu. Kisha tumia H2testw kwenye Windows: chagua flashi kwa `Select target`, bonyeza `Write + Verify`, na uiache ijaze flashi yote na kuisoma tena. Jibu unalolitaka ni `Test finished without errors`. Likija `The media is likely to be defective`, irudishe dukani, na usijidanganye kuitumia nusu. Kwenye Linux kazi hiyohiyo hufanywa na f3:

```
f3write /media/$USER/JINA_LA_FLASHI
f3read /media/$USER/JINA_LA_FLASHI
```

Mwisho wa `f3read` angalia mstari wa `Data LOST`. Unatakiwa uwe sifuri.

Flashi inayoandika MB 8 kwa sekunde itachukua kama saa nzima kujazwa, na kusoma kunaongeza muda wake. Ni saa nyingi, lakini ni saa za mjini. Duka la kweli likikuruhusu kujaribu kabla ya kuondoka, hilo ndilo duka la kununua.

Kusakinisha Ventoy

Ipakue kutoka ventoy.net, au kutoka ukurasa wake wa GitHub ambao tovuti hiyo inakupeleka. Usiitoe kwenye flashi ya mtu wala kwenye tovuti zinazokusanya programu za kila namna, kwa sababu kitu kinachokwenda kuwasha kompyuta za watu lazima ujue kimetoka wapi.

Hamisha kwanza chochote kilichomo kwenye flashi, maana kitafutika chote. Kwenye Windows fungua kifurushi cha zip, kisha endesha `Ventoy2Disk.exe`. Kwenye `Device` chagua flashi yako. Programu kwa kawaida huonyesha diski za USB tu, lakini kama umechomeka pia diski ya nje yenye kazi za wateja, nayo itaonekana hapo, kwa hiyo ichomoe kwanza. Fungua `Option` uhakikishe mambo mawili: `Secure Boot Support` imewekwa alama, na `Partition Style` ni `MBR`. MBR inawaka kwenye kompyuta kongwe na mpya pia, na kwa flashi ya ukubwa huu haina upungufu wowote. Bonyeza `Install`. Itakuuliza mara mbili kama una hakika.

Kwa anayetumia Linux, tambua kwanza jina la flashi kwa ukubwa wake:

```
lsblk
tar -xzf ventoy-*-linux.tar.gz
cd ventoy-*/
sudo sh Ventoy2Disk.sh -i /dev/sdX
```

Badala ya `sdX` andika jina la diski nzima, kwa mfano `sdb`, si `sdb1`. Hapa kosa la herufi moja linaweza kufuta diski ya kompyuta unayoitumia, hivyo soma safu ya ukubwa kwenye `lsblk` kabla ya kubonyeza Enter.

Kuchagua ISO za safari

Kanuni ya kuchagulia ni moja: kila ISO iweze kumaliza usakinishaji bila intaneti. Mtu hudanganyika na ISO ndogo za aina ya `netinst` kwa kuwa zinaokoa bando, kumbe zinaleta msingi tu na vilivyobaki zinavivuta mtandaoni wakati wa kusakinisha. Buhingu hazitakufaa.

Kwa shule yetu ya mfano ningebeba nne. Ya kwanza ni Windows, kwa kompyuta ambazo shule inalazimika kuzitumia na programu za Windows. Ikiwa ni Windows 10, mweleze mwalimu wazi kwamba msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na RAM ya GB 4, vitu ambavyo HP za zamani kwa kawaida hazina. Ya pili ni Linux Mint toleo la Xfce, biti 64, yenye LibreOffice ndani yake. Mint 22 itapata masasisho hadi 2029, na ningeiweka kwenye HP za zamani bila kusita. Ya tatu ni antiX ya biti 32, toleo la `full`, kwa zile kongwe. Ya nne ni Clonezilla, ya kunakili diski nzima: ukimaliza kuandaa HP moja vizuri, unaweza kuihamishia kwenye HP nyingine zinazofanana nayo badala ya kuanza upya kila moja, mradi una diski ya nje ya kuhifadhia nakala.

Windows inachukua karibu GB 6, Mint karibu 3, antiX chini ya 2, Clonezilla kama nusu. Jumla ni kama GB 11.5, hivyo zaidi ya GB 17 zinabaki kwa ajili ya madereva ya printa na Wi-Fi, na mafaili ya walimu yanayohitaji kuokolewa kabla ya kufuta diski.

Panga hivi:

```
ISO/windows10_64.iso
ISO/mint_xfce_64.iso
ISO/antix_full_32.iso
ISO/clonezilla.iso
MADEREVA/
AKIBA/
```

Majina yasiwe na nafasi katikati, kwa kuwa baadhi ya mifumo huchanganyikiwa nayo. Kwenye MADEREVA na AKIBA weka faili tupu liitwalo `.ventoyignore`. Ventoy ikiliona haiingii ndani ya folda hiyo kutafuta ISO, na menyu inafunguka haraka. Windows wakati mwingine hukataa jina linaloanza na nukta, kwa hiyo litengeneze kwa amri kwenye Command Prompt, ukibadili `F:` kuwa herufi ya flashi yako:

```
type nul > F:\MADEREVA\.ventoyignore
```

Kunakili, kisha kuhakiki

Nakili kwa laptopu yenye betri inayoshika chaji, si kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Sababu iko kwenye exFAT: haina daftari la kumbukumbu la kurekebishia kazi iliyokatizwa. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kubaki na jina na ukubwa sahihi huku ndani limevurugika, na pengine mafaili jirani nayo yakaguswa.

Mstari wa maendeleo ukifika mwisho, usichomoe. Kompyuta huwa imeshaweka sehemu ya data kwenye RAM yake na bado inaendelea kuiandika. Tumia `Eject`, au kwenye Linux andika `sync` usubiri mpaka irudishe mstari wa amri. Kisha chomoa flashi, ichomeke tena, na ndipo uhakiki. Kuchomoa na kuchomeka kuna maana yake: ukihakiki papo hapo, kompyuta inaweza kukusomea nakala iliyomo kwenye RAM, ikakuambia kila kitu ni salama ilhali kilichomo kwenye flashi ni kingine.

Kuhakiki kwenyewe ni kukokotoa alama ya SHA256 ya faili lililomo ndani ya flashi:

```
certutil -hashfile F:\ISO\mint_xfce_64.iso SHA256
```

au kwenye Linux:

```
sha256sum /media/$USER/Ventoy/ISO/*.iso
```

Unapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye tovuti ulikopakua ISO. Ukipishana hata herufi moja, ISO hiyo usisafiri nayo. Kujua kosa lilipoanzia, kokotoa pia alama ya faili lililobaki kwenye kompyuta: nalo likipishana na la tovutini, upakuaji ulikatika, likilingana, kosa limetokea wakati wa kunakili, na flashi hiyo naishuku hata kama ilipita jaribio la kwanza.

Alama hizo zinakili kwenye faili la maandishi uliweke ndani ya AKIBA. Ukiwa shuleni na ISO ikaanza kuleta utata, utaihakiki tena palepale bila kuhitaji mtandao.

Jaribio la mwisho la mjini ni kuiwasha kweli. Tafuta kompyuta moja ya BIOS na moja ya UEFI, fungua kila ISO mpaka ufike ukurasa wake wa kwanza, kisha uzime. Hakuna kinachofutwa mpaka uende mbele zaidi ya hapo.

Ukifika: HP za zamani

Chomeka flashi kwenye tundu la USB la nyuma, washa, gonga Esc kisha F9. Dell, Lenovo, Acer na Toshiba nyingi hutumia F12. Ukiipata menyu ya Ventoy, tazama chini ya skrini kabla ya kuchagua chochote. Pembeni ya namba ya toleo kumeandikwa kama umewaka kwa BIOS au UEFI, na neno hilo moja linakuepusha na saa nyingi za kuhangaika.

Mfano wake ni huu. Umewaka kwa UEFI na diski ya kompyuta imepangwa kwa MBR. Windows itafika kwenye kuchagua diski na kugoma, ikisema `The selected disk has an MBR partition table. On EFI systems, Windows can only be installed to GPT disks.` Watu huilaumu flashi au ISO, ilhali vyote vizima. Kama diski haina kitu cha kuokoa, futa partisheni zake zote hapohapo, chagua nafasi tupu, na Windows itaipanga yenyewe. Kama kuna mafaili ya shule, rudi kwanza, fungua Mint bila kuisakinisha, yahamishie kwenye diski ya nje, ndipo urudi kufuta.

Wakati wa kuchagua diski, angalia ukubwa badala ya jina. Kwenye Linux flashi yenyewe inaweza kutokea kama `sda` na diski ya kompyuta ikawa `sdb`. Ile ya GB 32 ndiyo flashi yako, usiiguse.

Laptopu zenye Secure Boot

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Unachagua flashi, na badala ya menyu unaona kisanduku kimeandikwa `Verification failed: (0x1A) Security Violation`. Laptopu inasema haitambui sahihi ya Ventoy, basi inabidi uitambulishe. Bonyeza `OK`, kisha kitufe chochote unapoambiwa, na ufuate njia hii:

```
Enroll key from disk
VTOYEFI
ENROLL_THIS_KEY_IN_MOKMANAGER.cer
Continue
Yes
Reboot
```

Ikishawaka upya, chagua flashi tena na menyu itakuja. Kila laptopu inahitaji hatua hii mara moja tu.

Wapo wanaokwepa hayo kwa kuzima Secure Boot kwenye BIOS. Inafanya kazi, lakini kama diski ya laptopu imefungwa kwa BitLocker, kuizima kunaweza kuifanya Windows iliyomo idai ufunguo wa tarakimu 48 wakati wa kuwaka. Laptopu ya msaada iliyopita mikono mingi, ufunguo huo huenda hakuna anayeujua. Kama data ya ndani ina thamani, muulize kwanza: "Mwalimu, hii laptopu ina kitu mnachokihitaji?" Subiri jibu kabla ya kugusa mpangilio wowote.

Mambo yakigoma

Tenganisha mahali tatizo lilipo kabla ya kubadili kitu. Menyu ya Ventoy isipotokea kabisa, tatizo liko kati ya flashi na kompyuta: jaribu tundu jingine la USB, hasa la USB 2, ingia BIOS uone kama kuwasha kwa USB kumeruhusiwa, halafu ijaribu flashi kwenye kompyuta ya pili.

Menyu ikitokea lakini mfumo mmoja ukagoma, fungua ISO nyingine kwenye kompyuta hiyohiyo. Nyingine ikifunguka, hakiki SHA256 ya ile iliyogoma. Alama ikiwa sawa, ichague tena na kwenye menyu ndogo inayofuata jaribu `Boot in grub2 mode` kwa Linux, au `Boot in wimboot mode` kwa Windows. Mint ikifika skrini nyeusi baada ya kuanza vizuri, kawaida ni kadi ya picha. Chagua `compatibility mode` kwenye menyu yake ya kwanza.

Kompyuta kongwe ikilalamika kwamba mfumo unahitaji prosesa ya `x86-64`, umefungua ISO ya biti 64 kwenye mashine ya biti 32. Hapo fungua antiX.

Windows nayo ina ujumbe mmoja unaopotosha, unaosema dereva wa kifaa anakosekana: `A media driver your computer needs is missing`. Kabla ya kuanza kutafuta dereva, hamisha flashi kwenye tundu jingine na uhakiki ISO, kwa sababu faili lililoharibika nalo huleta ujumbe huo.

Kuitunza kati ya safari

Toleo jipya la mfumo likitoka, futa ISO ya zamani na unakili mpya kwa jina lilelile. Ventoy haihitaji kusakinishwa upya. Ventoy yenyewe ikipata toleo jipya, endesha `Ventoy2Disk.exe` na ubonyeze `Update`, au kwenye Linux:

```
sudo sh Ventoy2Disk.sh -u /dev/sdX
```

Kusasisha hakufuti ISO zako. Kitakachozifuta ni `Install`, na vitufe hivyo viwili vimekaa jirani, kwa hiyo soma kabla ya kubonyeza. Baada ya kusasisha, iwashe tena kwenye ile kompyuta ya BIOS na ile ya UEFI kabla ya kuitia mfukoni.